Kumpima Dereva Kabla ya Kumpa Ufunguo

Mama mwenzangu, duka letu hapa Bariadi lilipotafuta dereva wa kusambaza saruji, walikuja wawili. Leseni ya kwanza ilikuwa daraja B, la gari lisilo la biashara. Gari la mizigo la biashara hudai daraja jingine. Huyo tulimshukuru, akaenda. Ya pili tuliipeleka polisi wa usalama barabarani, wakalinganisha jina na namba na kumbukumbu zao.

Nikamwuliza, "Breki zikikataa mteremkoni, una mzigo, utafanyaje?"

"Nashusha gia mojamoja, Mama, kisha breki ya mkono polepole."

Kabla ya kuwasha alikagua matairi, maji na oili bila kuambiwa. Akaendesha na mzigo, akarudi kinyumenyume hadi ghalani. Gari tupu huficha mengi. Lenye mzigo huonyesha jinsi dereva anavyoshika breki na kukata kona.