Ameacha Kubeti, Sasa Mbona Hela Haionekani?

Kuna jamaa mmoja wa bodaboda, kijiwe chake kipo Mabibo, Dar. Aliacha kubeti baada ya mke wake kufungua bahasha ya kodi na kukuta elfu kumi tu. Hakukuwa na kelele kubwa. Mke alimuuliza swali moja, "Nyingine iko wapi?", jamaa akakosa jibu. Usiku huo akafuta programu za kubeti kwenye simu, na kesho yake akawaandikia huduma kwa wateja wamfungie akaunti.

Wiki mbili baadaye alikuwa na swali lake mwenyewe. Kama ameacha kweli, mbona mfukoni bado pakavu?

Ukimuuliza alikuwa anapoteza kiasi gani, angekwambia "buku buku tu, siku moja moja elfu mbili". Wengi husema hivyohivyo, na wala si kwamba wanadanganya. Kichwa kinakumbuka mkeka uliotiki, ule uliochanika kinausahau kabla ya saa nne usiku. Kwa hiyo dada yake mkubwa, mwenye genge la mboga mtaa wa pili, akamwambia aache kukumbuka na aanze kuhesabu. Wakachukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, wakapiga mstari chini ya kila hela iliyokwenda kwenye kubeti na kila iliyorudi.

Iliyokwenda ilikuwa 612,000. Iliyorudi ilikuwa 248,000. Tofauti ni 364,000, yaani kama 121,000 kila mwezi, zaidi kidogo ya elfu nne kwa siku. Cha kuuma zaidi, karibu kila hela iliyorudi ilikuwa imeondoka tena ndani ya siku mbili. Ule ushindi aliokuwa akiutangaza kijiweni haukuwahi kufika nyumbani.

Na hapo ndipo jibu la swali lake lilipokuwa. Ile elfu nne haikuwa hela ya ziada hata siku moja. Ilikuwa inatoka kwenye kodi na kwenye madeni. Alikuwa na mkopo wa kwenye simu wa 58,000, deni la mshikaji wa kijiweni 70,000, na mama ntilie alikuwa anamdai 23,000. Jumla 151,000. Mkopo wa simu ulikuwa na tabia yake: mteja akimtumia nauli kwa simu, inakatwa palepale. Ukiacha kubeti ukiwa na mashimo ya aina hiyo, hela ya kwanza yote inaingia shimoni, na unajiona mjinga kwa kuacha.

Bajeti waliipanga kwa siku, kwa sababu bodaboda hana tarehe 30. Siku ya kawaida analaza elfu thelathini. Petroli 9,000, hesabu ya tajiri 8,000, chakula cha kijiweni 3,000. Inabaki elfu kumi. Nyumbani 6,000, na humo ndani 2,000 ni ya kodi, mke anaichukua kila jioni. Inabaki ileile 4,000 ya kubeti. Wakaigawa: 2,500 madeni, 1,500 akiba ya dharura.

Hapo jamaa alibisha. Kwa nini aweke akiba wakati anadaiwa? Si alipe kwanza yaishe? Hoja yake si ya kipuuzi, hasa ukiangalia makato ya mikopo ya simu. Lakini dada alimjibu kwa kumuuliza mara ya mwisho alikopa kwa sababu gani. Pancha. Na ya kabla yake? Betri. Kila pikipiki ilipoharibika hakuwa na kitu, akakopa, kisha akachukua sehemu ya mkopo akatandika mkeka ili "airudishe". Deni lilikuwa linazaliwa na dharura isiyo na hela, na mkeka ulikuwa unazaliwa na deni.

Swali lililofuata likawa hela ikae wapi. Kwenye simu hapana, maana kwenye simu kati ya akiba na kubeti kuna namba ya siri tu. Kibubu cha mbao kingefaa kwa kitu chenye tarehe, kama ada. Dharura haina tarehe, na ukishavunja kibubu kwa ajili ya pancha, iliyobaki imekaa wazi. Basi ikakaa gengeni kwa dada, taslimu, kwenye kopo, na daftari la mistari miwili: iliyoingia, iliyotoka. Sharti lilikuwa moja. Hela ikitoka, dada anamkabidhi fundi au muuza dawa mwenyewe.

Siku ya kumi na nane ya kazi, cheni na sproketi vikafa pamoja. Fundi akasema 35,000. Kwenye kopo kulikuwa na 24,000, kwa sababu siku mbili za mvua aliruka akiba. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, siku mbaya inarukwa akiba, deni halirukwi. Na saa hiyohiyo, utadhani wanamchungulia, ikaingia meseji kutoka kampuni nyingine ya kubeti: bonasi ya bure, karibu tena. Akaunti moja ukiifunga haizuii nyingine kukutafuta.

Elfu ishirini na nne na upungufu wa elfu kumi na moja. Kwa mtu aliyewahi kubeti, huo si upungufu, ni mkeka wa timu tatu. Jamaa mwenyewe alikiri kwa dada yake kwamba hesabu hiyo aliipiga kichwani akiwa amesimama pale kwa fundi. Kilichomwokoa si roho ngumu. Hela haikuwa mkononi mwake. Dada akamlipa fundi 24,000, fundi akakubali kusubiri iliyobaki, ikalipwa kwa siku tano kutoka kwenye fungu la madeni.

Kopo likabaki sifuri, na jamaa akanuna kana kwamba ameanza upya. Lakini safari hii hakukopa popote, na kesho yake asubuhi alikuwa barabarani.

Baada ya hapo ndipo walipojua lengo la akiba liwe ngapi. Pikipiki ikilala siku tatu, hesabu ya tajiri ni 24,000, nyumbani 18,000, fundi 35,000. Jumla 77,000, wakaizungusha hadi 80,000. Ni hela ndogo, haitoshi ajali wala mgonjwa wa kulazwa, na hawakujidanganya kwamba inatosha.

Siku ya 65 ya kazi madeni yakaisha, mshikaji wa kijiweni akiwa wa mwisho. Kopo lilikuwa na 61,500. Ile 2,500 ya madeni ikahamia kopo siku hiyohiyo, kabla haijazoea kukaa mfukoni, na ndani ya siku tano lengo likafika.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Jumamosi jioni, mechi zinaanza, jamaa akaenda gengeni kuomba elfu kumi "ya petroli". Elfu themanini ikikaa pamoja huanza kufanana na mtaji. Dada akafunga genge, akapanda nyuma ya pikipiki, akasema twende kituo cha mafuta nikalipe. Walipofika, tangi lilikuwa limejaa.

Hakuna aliyesema kitu. Walirudi, dada akafungua genge. Siku hizi 4,000 yote inaingia kwenye bahasha ya kodi, na kila mwisho wa mwezi mke anapewa taarifa ya miamala aisome mwenyewe. Mwezi uliopita aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akauliza kama kuna laini nyingine.