Mdomo Mbele, Sauti Nyuma: Video ya Harusi Iliyomtoa Dogo Jasho

Kuna dogo mmoja pale Ruaha, Kilosa, anachukua video za harusi kwa simu. Ya juzi kati ilimtoa jasho. Dakika ya kwanza mshereheshaji yuko sawa, ila ikifika ya kumi mdomo unafunga, sauti ndo inafuata. Na hela ya bibi harusi alishaila!

Kumbe simu haipigi picha kwa mwendo mmoja. Ukumbini kukiwa na giza, inapunguza kasi ili inase mwanga. Dogo alitegemea picha 30 kila sekunde, yaani 18,000 kwa dakika kumi. Zilizokuwepo ni 17,940. Programu ya kuediti ikazipanga 30 kwa kila sekunde hivyohivyo, picha zikaisha sekunde mbili kabla ya sauti.

Akafungua faili kwenye MediaInfo, pale `Frame rate mode` pakasoma `Variable`. Kusogeza sauti hakusaidii, maana pengo linakua kidogo kidogo. Akaiingiza video asilia kwenye HandBrake, sehemu ya `Video`, kwenye `Framerate (FPS)` akaweka 30, akachagua `Constant Framerate`. Penye pengo programu inarudia picha, mwendo unakuwa mmoja.

Afu ndo akaediti upya. Hii inafanywa kabla hujakata chochote, la sivyo vipande vyako vinafuata hesabu mbovu. Faili asilia usilifute, kwani ubora hupungua kidogo.

Wewe ishawahi kukutokea, mdomo huku sauti kule? Tiririka hapo chini.