Vifuniko Vilivyovimba

Kompyuta ya nyumbani kwetu Sinza ilikufa mwaka 2006, mwaka wa mgao mkali, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua na umeme ukawa wa zamu. Ndiyo maana kila mtu pale mtaani aliulaumu umeme. Mama alikuwa akiitumia kuchapa kazi za watu: barua, risala za harusi, orodha za michango, mitihani ya shule za jirani. Fundi aliyeitwa aliifungua, akagusagusa, akasema mazabodi imeungua na haitengenezeki, tutafute mashine nyingine. Fedha hiyo Mama hakuwa nayo.

Kaka yangu alikuwa kidato cha tano, amerudi likizo. Mimi nilikuwa darasa la sita, na kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi, kwa hiyo mambo yale niliyaona kwa karibu sana. Kabla ya kugusa kitu kingine alichomoa hadidiski, akaifunga kwenye kitambaa na kumpa Mama aiweke kabatini. "Kazi za watu zimo humu," alisema. "Vingine vyote tunaweza kuvipata kwa majirani, hiki hatukipati."

Kisha akamuuliza Mama ugonjwa ulianzaje. Mama akaeleza kwamba kwa miezi kadhaa mashine ilikuwa ikijizima na kujiwasha katikati ya kazi. Baadaye ikawa inagoma asubuhi, lakini ukiibonyeza tena na tena hadi ipate joto, inakubali. Mwisho feni zikawa zinazunguka, taa ya kijani inawaka, na kioo kinabaki cheusi. Kaka aliyasikiliza maelezo hayo kwa umakini ambao yule fundi hakuwa nao. Kitu kilichounguzwa na umeme kwa kawaida hufa mara moja, alituambia, hakianzi kwa kuugua miezi.

Alianza na pawasaplai. Hakuifungua, kwa sababu ndani yake mna kapasita kubwa zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishaichomoa ukutani. Aliunganisha tu waya wa kijani na mmoja wa mweusi kwenye plagi yake ili iwake, akaipachika feni na sidiromu ibebe mzigo, akapima kwa mita aliyoazima. Volti 12, 5 na 3.3 zote zilikuwepo. Akairudisha, akaniambia nimulike kando ya prosesa.

Pale palikuwa na kapasita zimejipanga, mikebe midogo ya aluminiamu yenye mchoro wa msalaba juu. Mchoro huo ni mahali palipodhoofishwa kwa makusudi, ili gesi ikijaa ndani ipasukie hapo. Kapasita nzima ina kifuniko bapa. Za kwetu saba zilikuwa zimevimba juu, na mbili kati ya hizo zilitoa ute wa kahawia uliokauka kama machicha ya chai. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme unaoingia kwenye prosesa. Zikishachoka, umeme unayumba na prosesa haianzi. Miaka ile mashine nyingi duniani zilikufa kwa ugonjwa huu huu, kwa sababu kapasita nyingi zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilijazwa maji yenye kasoro. Mashine yetu, Pentiamu III ya mwaka 2001, iliangukia humo humo.

Tukazunguka mtaani kuomba mashine zilizokufa. Jirani wa kwanza, karani mstaafu, alitupokea vizuri. Kaka alimsalimia shikamoo, akaeleza shida, na mzee akatuonyesha kompyuta iliyokuwa stoo chini ya magunia. Nilifurahi kwa sababu ilifanana kabisa na yetu. Kaka alipofungua kifuniko cha ubavuni akanyamaza, kisha akanionyesha: kapasita zake nazo zimevimba, mahali pale pale. Mashine ya umri mmoja na yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja na yetu. Tuliondoka na kipande chake cha ramu tu.

Nyumba ya pili baba mwenye nyumba alitupa redio kubwa ya zamani, akisema imejaa kapasita. Ni kweli, na nyingine zilikuwa na namba tuliyoihitaji, mikrofaradi 1500. Kaka alishukuru lakini hakuzitumia. Kapasita ya kawaida ya redio ina ukinzani mkubwa ndani yake. Ukiiweka kando ya prosesa, ambako umeme unakatwa na kuachiwa maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, inapata joto na kufa upesi. Tulihitaji zilizokuwa zikifanya kazi ile ile kwenye mashine nyingine, na mashine hiyo iwe kongwe kuliko yetu.

Tuliipata kwa mama mmoja muuza vitenge: Pentiamu II ya mwaka 1998, kuku wametagia juu yake. Kapasita zilizozunguka prosesa yake zilikuwa bapa zote. Ziliandikwa mikrofaradi 1500, volti 10, wakati za kwetu zilikuwa za volti 6.3. Volti ikizidi haina neno, ikipungua ndiyo hatari. Zilikuwa nane. Tulihitaji saba.

Kuzing'oa ndiko kulikotupa kazi. Mazabodi ina matabaka kadhaa ya shaba ndani yake, na mguu hasi wa kapasita umeungana na tabaka kubwa linalomeza joto lote la chuma cha kulehemu. Ukivuta kabla lehemu haijayeyuka, unang'oa na shaba iliyotandazwa ndani ya tundu, na hapo bodi imekwisha kweli. Kaka aliongeza kwanza lehemu mpya juu ya ile ya zamani ili joto lipenye, halafu akapasha mguu mmoja, mimi nikiiinamisha kapasita kidogo upande wa pili; akapasha mguu mwingine, nikaiinamisha huku. Ilitoka kwa kuyumbishwa hivyo, polepole. Matundu aliyazibua kwa kijiti cha meno huku akiyapasha. Umeme ulikatika tukiwa katikati, ikabidi tungoje zamu yetu irudi.

Kabla ya kung'oa yoyote alikuwa amechora bodi nzima kwenye boksi la viatu, kila kapasita na upande wake hasi, kwa sababu kapasita ya aina hii ikigeuzwa inapasuka. Mstari ubavuni mwake ni upande hasi, na kwenye bodi yetu nusu ya duara iliyopakwa nyeupe ilikuwa hasi pia. Lakini zipo bodi zilizopakwa kinyume, ndiyo maana hakuyaamini macho bila mchoro.

Alipomaliza kulehemu zile saba na kubonyeza swichi, mashine ilitoa mlio mmoja mfupi, na kioo kikaandika kwa herufi nyeupe:

```
CMOS checksum error - Defaults loaded
```

Mama alishtuka kuona neno la kosa. Kaka alicheka, akamweleza kwamba ni betri ndogo ya saa tu imekwisha, mashine imesahau tarehe. Akaomba hadidiski kabatini.

Kwenye bodi yetu kapasita nne zaidi za kampuni moja na zile zilizovimba aliziacha mahali pake, kwa kuwa zilikuwa bado bapa na sisi tulibakiwa na moja tu. Alizizungushia kalamu nyekundu kwenye mchoro, akauweka ndani ya kasha la kompyuta. Mashine ilipoanza tena kujizima mwaka 2009, yeye akiwa chuoni, nilifungua ubavu na kwenda moja kwa moja kwenye zile nne. Tatu zilikuwa zimevimba. Nikabadilisha zote nne kwa mpya nilizonunua Kariakoo, na Mama aliendelea kuchapa.