Barua Kutoka Ng'ambo



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya barua moja ya mapendo. Tumepewa ruhusa na wenyewe, mume na mke, tuieleze bila kutaja majina yao. Walifunga ndoa katika parokia moja ya Masisi mwaka 2009. Vita vya mwaka 2012 viliwatenganisha njiani. Mke na watoto wawili walielekea Walikale kwa wazazi wake, naye mume akavuka mpaka hadi kambi ya Nakivale, nchini Uganda. Walipopatana tena kwa simu, miaka ilikuwa imekwisha kupita. Mnamo Mei 2023 mume alipokelewa Amerika kama mkimbizi, akapata kazi ya usiku katika kiwanda cha kukata nyama.

Barua ilifika Novemba mwaka ule. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono katika kurasa nne, ikapigwa picha na kutumwa kwa simu. Mama yule hakusoma shule sana, kwa hiyo alituomba tumsomee. Tuliketi naye nyuma ya kanisa baada ya Misa, tukasoma polepole, na mahali pengine tulinyamaza kidogo kwa haya.

“Bibi yangu mpendwa,” iliandikwa, “ninapotoka kazini ni saa nane za usiku, na kwenu ni asubuhi, saa tatu au saa nne. Najua wakati huo umekwisha kurudi kisimani. Mimi nafungua mlango wa chumba na hakuna anayeniuliza kama nimefika. Nimejifunza kupika sombe, lakini napika chungu kizima kisha nakula siku nne peke yangu. Vidole vinakufa ganzi kwa sababu ya baridi ya nyama. Siku ya Mungu naenda Misa ya lugha nisiyoisikia vizuri, nakaa kwenye benchi la mwisho, na pale panapobaki nafasi kando yangu nasema moyoni: hapa ni pa mama watoto.”

Mama alilia, nasi hatukumzuia.

Baada ya upweke zilifuata ahadi, nazo zilikuwa tatu. Ya kwanza: “Sitachukua mwanamke mwingine.” Ya pili: “Kila mwezi nitatuma pesa ya shule ya watoto.” Ya tatu: “Noeli ya mwaka 2024 tutakula pamoja hapa.”

Sisi tuliozoea kuwafundisha wachumba tunajua kwamba ahadi hazifanani. Ahadi ya kwanza iko mikononi mwa anayeahidi. Aliitoa mbele ya altare, naye anaweza kuitimiza kila usiku hata akiwa hana senti. Ya pili inategemea afya na kazi, ila bado anaweza kuipigania. Ya tatu haikuwa mikononi mwake hata kidogo. Tulimwambia mama hivyo siku ile ile, kwa upole, naye hakufurahi.

Tuliwasiliana na mume. Alieleza kwamba sheria ya Amerika inampa mkimbizi nafasi ya kuomba mke na watoto wake wamfuate, kwa fomu iitwayo I-730. Lakini ombi lazima lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu alipoingia, isipokuwa kwa sababu nzito za kibinadamu, na lazima ionekane kwamba ndoa ilikuwapo kabla hajaingia nchini kule. Kwa bahati njema, huko kambini alikuwa amewataja mke na watoto tangu siku ya kuandikishwa. Kilichokosekana kilikuwa cheti. Mahari ilitolewa mbele ya familia zote mbili, lakini ndoa haikuandikwa kwa afisa wa serikali, na cheti cha kanisa kilipotea katika kukimbia.

Tulituma mtu kwenye parokia ile ya Masisi. Kitabu cha ndoa cha miaka ile hakikuonekana. Nacho kilikuwa kimepotea wakati wa vita. Mama aliposikia alisema, “Basi hatukuoana.” Maneno hayo yalituchoma. Tayari wajomba walikuwa wakimwambia kwamba mwanaume wa ng'ambo harudi, na kwamba kuna mtu mwenye shamba anayemtaka. Tulimjibu kwamba kitabu kinashuhudia tu. Ndoa waliifunga wao wenyewe kwa neno lao. Wala miaka ya kutengana, hata ingekuwa mingi, haifungui kifungo cha ndoa wakati mume yu hai na anaandika barua.

Hapo tulikumbuka desturi ambayo vijana wengi hawaijui. Sheria ya Kanisa inaagiza kwamba ndoa ikiisha kufungwa, iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo cha kila mmoja wao, kule walikobatizwa. Mama alibatizwa katika parokia nyingine. Padri wa huko alifungua kitabu, na kando ya jina lake palikuwa na mstari mmoja wa wino wa buluu: jina la mume, mahali, na tarehe ya mwaka 2009. Mtu fulani, ambaye sasa hatumjui, alikuwa amefanya kazi yake ndogo kwa uaminifu. Nakala yenye muhuri ilipatikana Februari 2024, na mume akapeleka ombi mwezi wa Juni, kabla muda haujaisha.

Noeli ya 2024 ilipita, na hawakula pamoja. Januari 2025 Amerika ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi, na wote wanaongoja kama wao wakaingiwa na hofu. Mwezi wa Machi vita vilifika Walikale, mama akakimbilia porini na watoto. Katika mfuko wa plastiki alibeba nakala ile ya cheti, pamoja na kurasa nne za barua ambazo tulikuwa tumemnakilia kwa mkono.

Aliporudi alituomba tumwandikie jibu. Alisema hivi, nasi tuliandika bila kuongeza kitu: “Baba watoto, usiniambie tena Noeli. Niambie umeamka na umekula. Ukishindwa kutuma pesa, sema umeshindwa, usinyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowapa wajomba nguvu. Mimi nipo.” Mume alijibu kesho yake. Alikiri kwamba aliandika tarehe ile kwa kuogopa kwamba bila tarehe, mke angechoka. Tangu hapo wamepatana kusali fungu moja la rozari kila siku, yeye akitoka kazini, mama akiwa ametoka kisimani. Bado wanangoja.

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, anawaruhusu wanandoa kutengana kwa mapatano na kwa muda tu, ili wasali. Hawa wawili hawakuchagua kutengana, wala hawajui muda utaisha lini. Kilichobaki mikononi mwao ni mapatano, nayo wanayafanya upya kila siku.

Kwa kutafakari katika kikundi:

1. Kati ya ahadi ambazo wachumba wa kwetu hupeana, ni zipi zilizo mikononi mwao, na ni zipi zisizo?

2. Kwa nini mume aliona ni rahisi zaidi kutaja tarehe kuliko kusema, “Sijui”?

3. Je, ndoa za wazazi wako zimeandikwa wapi? Waulize kabla ya Jumapili ijayo.

4. Katika shirika lenu kuna mama ambaye bwana wake yuko mbali. Nani humsomea barua, na nani humlinda na maneno ya wajomba?