Diski Haikuwa Feki, Leni Ndizo Zilizopungua

Mtu akinunua diski ya NVMe, akaichomeka na kukuta kasi ni nusu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi, jibu la mtaani huwa moja: "Umepigwa, hiyo ni feki." Mara nyingine ni kweli. Lakini likizo iliyopita, pale Ruaha, nilikutana na diski halali kabisa iliyokuwa karibu kurudishwa dukani kwa hasara. Nawaandikia kwa sababu wengi wetu tunajiundia kompyuta kwa vipande vya mtumba, na jambo hili litawakuta.

Ruaha ninayoisema ni ile ya Kilosa, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, kabla hujavuka mto kuingia Kidatu. Mtoto wa mama mkubwa ana studio ya video pale. Harusi, ubatizo, mahafali, kazi zote zinaishia kwenye kompyuta moja yenye prosesa ya Core i5 kizazi cha 8. Ilikuwa na diski moja ya NVMe, akaongeza ya pili kwa ajili ya video za wateja. Mwanzoni diski hiyo mpya ilisoma karibu megabaiti 3,400 kwa sekunde. Baada ya wiki chache akaweka kadi ya kunasa video kutoka kwenye kamera. Alipopima tena, diski ilikuwa imeshuka hadi kama 1,700. Fundi mmoja akamwambia diski inakufa, aiuze mapema kabla haijamlia kazi za watu.

Akaniambia, "Dogo, wewe ndiye msomi wa hayo mambo. Niiuze, nisiiuze?"

Kwanza tuelewane leni ni nini. Vifaa vya kasi kwenye mazabodi huongea na prosesa kupitia njia za PCIe, na kila njia ni leni. Leni moja ya PCIe 3.0 hupitisha karibu gigabaiti 1 kwa sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi kwa wakati uleule. Diski ya NVMe ya kawaida hutumia leni 4, kwa hiyo dari yake ni kama gigabaiti 3.9, na ukitoa gharama za mawasiliano unabaki na 3.5 hivi. Ukiipa leni 2, dari inashuka hadi chini kidogo ya 2. Kwa hiyo ile 1,700 ilikuwa na maana. Diski inayokufa mara nyingi huyumba: leo 900, kesho 200, halafu inaganda. Hii ilisimama palepale kila tulipopima, karibu sana na kipimo cha leni 2.

Tukafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure ya Windows. Kuna mstari unaoitwa `Transfer Mode`, nao ulisomeka hivi:

```
PCIe 3.0 x2 | PCIe 3.0 x4
```

Upande wa kushoto ni kile diski inachopata sasa, wa kulia ni kile inachoweza. Diski ilikuwa na uwezo wa leni 4 ila imepewa 2. Anayetumia Linux aandike `sudo lspci -vv` kisha alinganishe `LnkCap`, yaani uwezo, na `LnkSta`, yaani hali ya sasa. Ukiona `Width x2` mahali palipostahili `x4`, usiilaumu diski kabla hujaangalia ilipochomekwa.

Leni 2 zilikwenda wapi? Prosesa ile ina leni 16 tu za PCIe, na zote zinakwenda kwenye sloti ya juu ya kadi ya grafiki. Vingine vyote, yaani sloti za M.2, soketi za SATA, USB, waya wa mtandao na sloti za chini, vinategemea chipseti. Chipseti nayo ina leni za kuhesabika, wakati watengenezaji wanapenda kuweka matundu mengi kuliko leni zilizopo, maana si kila mnunuzi atayajaza yote. Basi matundu mawili yanafungwa kwenye leni zilezile. La pili likiwa tupu, la kwanza linapata zote. Likichomekwa kitu, wanagawana, au moja linazimika kabisa.

Kitabu cha maelekezo cha bodi ile kilisema hivyohivyo, kwa maandishi madogo chini ya jedwali la sloti: M.2 ya pili inagawana leni na sloti ndefu ya chini, na ikitumika sloti hiyo, M.2 inabaki x2. Kinachoudhi ni kwamba kadi ya kaka ni ya leni 1 tu. Ila bodi ile haiulizi kadi inahitaji leni ngapi. Ikiona sloti ndefu ina kitu, inakata 2 na kuzipeleka kule, moja inatumika na nyingine inakaa bure.

Je, leni 1 inaitosha kadi ile? Tukapiga hesabu. Picha ya 1920 kwa 1080, baiti 2 kwa kila nukta, picha 60 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 249 kwa sekunde. Hata leni moja ya PCIe 2.0, yenye megabaiti 500, inaibeba. Tukazima, tukachomoa umeme, tukaihamishia kadi kwenye sloti fupi ambayo kitabu hakikuitaja kwenye mgawanyo. Tulipowasha, mstari ukasoma `x4 | x4`, na kasi ikarudi 3,400. Hakuna hata shilingi iliyotoka.

Kaka akafurahi, akajaribu kuzipima diski zote mbili kwa pamoja. Kila moja ikashuka tena hadi kama 1,700! Safari hii leni zilikuwa kamili, x4 kila upande. Hapa tatizo ni lingine. Fikiria malori ya miwa na mabasi ya Ifakara: hata kila shamba likiwa na barabara yake pana, wote wanaotaka Kidatu wanakutana kwenye daraja la mto. Daraja la bodi hii ni kiungo cha chipseti na prosesa, kinaitwa DMI, na upana wake ni sawa na leni 4 za PCIe 3.0. Diski mbili zikisoma kwa pamoja zinagawana ile 3.5. Hilo halirekebishiki kwa kuhamisha kadi.

Lakini kabla hujalalamika, angalia kazi yenyewe. Ukinakili faili kutoka diski moja kwenda nyingine, data inapanda daraja upande mmoja na kushuka upande mwingine, kwa hiyo hazigombani kihivyo. Na video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu. Kiukweli kaka asingehisi tofauti kwenye kuhariri hata kwa leni 2. Hasara yake kubwa ingekuwa kuuza diski nzima kwa bei ya kutupa.

Kwa hiyo ukitaka kuongeza diski au kadi, chukua namba ya bodi yako, tafuta kitabu chake, kisha soma jedwali la sloti pamoja na maandishi madogo chini yake. Angalia hasa SATA: kwenye bodi nyingi, kujaza M.2 fulani kunazima soketi mbili za SATA, na diski ya zamani "inapotea" na video zote za wateja. Haijafa. Hamishia waya wake kwenye soketi nyingine, uwashe tena.

Diski ya kaka bado iko Ruaha, inafanya kazi.