Simu Kwenye Sinia

Juzi nilitunga shairi kuhusu simu wakati wa kula. Mshororo wa kwanza ulikuwa: "Zimeni simu, wanangu, adabu mmeikosa." Mizani kumi na sita, nikaridhika. Nikamsomea mke wangu. Akauliza, "Baba watoto, na chakula kiko wapi humo?"

Kweli, hakikuwemo. Nilikuwa nimeandika hotuba yenye vina. Anayekemea huwa amesimama nje ya sinia, haoni wali wala nani ameketi wapi.

Usiku ule nikakaa mkekani nitazame tu, nisiseme neno. Nikaandika upya:

Wali umewekwa chini, mvuke unapotea,
Simu ziko mkononi, vidole vinatembea,
Mama yupo mkekani, wa kuanza angojea,
Na mimi nipo safuni, yangu nayo yaongea.

Mshororo wa mwisho ndio ulionitoa jasho. Nilitaka kuandika "zao", na mizani isingeharibika hata kidogo. Lakini iliyolia usiku ule ilikuwa yangu: mtu aliniuliza swali la mirathi, nami nikamjibu huku wali ukipoa.

Kijana wangu alisoma akacheka, "Baba, na wewe umo!"

Beti la pili bado sijalimaliza. Nataka kumtia binti yangu mdogo, aliyekuwa akila kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akimwonyesha bibi yake picha za harusi ya shangazi. Hilo nalo lilitokea, na bibi alifurahi sana.