Andika Ulipofika na Ulipokwama

Rasimu za maelezo binafsi zinazoletwa kwangu na waombaji wa ufadhili wa masomo karibu zote ni za aina mbili. Moja huanza hivi: "Mimi ni kiongozi mwenye kipaji cha kipekee cha kuleta mabadiliko katika jamii." Nyingine huanza: "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba mnifikirie, kwani natoka katika familia duni na sina msaada mwingine." Mara nyingi zote mbili zimeandikwa na mtu mmoja. Kwanza aliandika ya kuomba, rafiki akamwambia ajiamini na ajinadi, akairudia yote upya kwa sauti ya mnadani.

Nafundisha stadi za mawasiliano chuoni, na nimewahi kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la ndani linalochuja maombi ya wanafunzi wetu. Nilichojifunza pale ni kwamba rasimu hizo mbili zina kasoro moja. Zote zinamtaka msomaji awe na hisia fulani juu ya mwandishi kabla hajapewa kitu cha kuzaa hisia hiyo: ya kwanza inataka astaajabu, ya pili inataka ahurumie. Msomaji wa jopo ana fomu mbele yake, ina vigezo, na kila kigezo kina alama. Anatafuta tendo la kuliweka mbele ya kigezo. Neno "hodari" halimpi tendo, wala maneno "maisha magumu" hayampi.

Sauti hizi hazikuzuka tu. Ya kuomba tumefundishwa darasani, kwenye barua rasmi yenye "Yah" na mwisho wenye "natumaini ombi langu litakubaliwa". Barua ile inafaa ukiomba ruhusa kazini au kiwanja kijijini, maana unamwandikia mwenye mamlaka juu yako. Ya kujisifu inatoka kwenye semina za uhamasishaji na kwenye insha za washindi zinazosambazwa katika makundi ya wasapu. Mwombaji anaiga mng'ao wa insha ya mwenzake bila kuwa na kazi iliyo chini ya mng'ao huo.

Nitaeleza kisa kimoja kwa urefu. Nimebadili baadhi ya mambo ili mhusika asitambulike. Alikuwa mhandisi kijana wa maji, anafanya kazi vijijini mkoani Dodoma, anaomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji wake anatakiwa awe na uzoefu wa kazi wa angalau saa 2,800, na akimaliza masomo arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Maswali yake yanahusu uongozi, mahusiano ya kikazi, sababu za kuchagua masomo na mipango ya baadaye. Kwenye swali la uongozi aliandika hivi:

"Nikiwa kiongozi shupavu, nilibadilisha kabisa maisha ya wananchi kwa kutatua tatizo sugu la maji lililowashinda wengi."

Na kwenye sababu za masomo, sauti ikageuka:

"Nililelewa na bibi katika umaskini, nikakosa hata ada. Nawasihi mnipe nafasi hii, kwani ndiyo tumaini langu pekee. Naahidi sitawaangusha."

Sikugusa hata sentensi moja. Nilimwomba aiweke rasimu pembeni, anisimulie kwa Kiswahili kilichotokea katika mradi ule, simu yake ikiwa inarekodi. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu anayesimulia kazi yake kwa mtu anayetaka kuielewa husahau kujinadi na husahau kuomba. Maswali yangu yalikuwa ya kawaida sana: ulianza na nini, nani alikuwepo, ulijuaje, kisha ikawaje.

Ikatoka habari nyingine kabisa. Mradi ulikuwa wa kisima kirefu kimoja, pampu ya dizeli, tangi, na magati ambako ndoo ya lita 20 iliuzwa kwa shilingi 50. Pampu ilikuwa ikizimwa mara kwa mara kwa kukosa pesa ya dizeli, na kijijini kila mtu alisema mhasibu wa chombo cha watumia maji ni mwizi. Yeye aliamua kusoma mita kuu ya tangi na mita za magati yote, asubuhi na jioni, kwa wiki sita. Aliona kwamba katika kila lita 100 zilizotoka tangini, 60 tu ndizo zilizolipiwa. Bomba lilikuwa linavuja mahali linapokatiza korongo, na gati moja lilikuwa linatoa maji kwa mkopo bila kuandika. Baada ya kurekebisha mambo hayo mawili, lita zilizolipiwa zilifika 75 na dizeli ikapatikana. Mhasibu hakuwa ameiba kitu.

Nilimwuliza lita 25 zilizobaki zinakwenda wapi. Akanyamaza, kisha akasema hajui. Alihisi ni presha ya maji usiku, watu wakiwa wamelala na bomba limejaa, lakini hakuwa na ujuzi wa kupima upotevu wa namna hiyo katika mtandao mdogo usio na vifaa, na hakuna ofisini kwao aliyekuwa nao.

Hapo ndipo rasimu mpya ilipopata mhimili wake. Mahali alipokwama ndipo penye sababu ya kusoma, na sababu hiyo haiombi huruma wala haitafuti sifa. Mwandishi mwenye majivuno huficha mahali alipokwama, basi msomaji anabaki akijiuliza mtu aliyeweza yote anataka shule ya nini. Mwandishi wa kusihi naye huonyesha kukwama kwake kote, ila hasemi alikuwa amefika wapi kabla ya kukwama. Akiandika yote mawili, alipofika na alipokwama, kwa vipimo vyake, ombi linakuwa limeshajieleza lenyewe.

Kazi ya pili ilikuwa kugawa kazi kwa wenye nayo. Katika masimulizi yake alisema "tulipima, tulifukua, tuliamua", kama heshima yetu inavyotaka. Kwenye rasimu alikuwa amegeuza yote kuwa "nilifanya". Njia zote mbili zinamnyima msomaji ukweli. Tulichukua kila kitenzi tukauliza ni mkono wa nani. Kusoma mita na kuchora jedwali: yeye. Kufukua bomba kwenye korongo: fundi wa kijiji na vijana wawili. Kusitisha mkopo: kamati, baada ya yeye kuwasomea hesabu kwenye mkutano. Aya ikawa hivi:

"Kijijini iliaminika kwamba pesa ya dizeli inaibwa. Kwa wiki sita nilisoma mita ya tangi na za magati yote, nikakuta kwamba katika kila lita 100, 40 hazikulipiwa. Niliisomea kamati hesabu hizo mbele ya mhasibu. Fundi wa kijiji alifukua bomba kwenye korongo na kuziba uvujaji. Kamati ikasitisha maji ya mkopo. Lita zilizolipiwa zilifika 75, na pampu haikuzimwa tena kwa kukosa dizeli msimu ule."

Hakuna neno "kiongozi" ndani yake. Uongozi uko katika "niliisomea kamati hesabu hizo mbele ya mhasibu", kwa maana kusema jambo lile wakati kijiji kizima kimeshahukumu kulihitaji ujasiri, na msomaji anauona bila kuambiwa. Angalieni pia maneno "msimu ule". Alitaka kuandika "haikuzimwa tena kamwe". Nikamwuliza kama ana ushahidi wa miaka iliyofuata. Hakuwa nao, kwani alihamishiwa wilaya nyingine. Mpaka ule mdogo wa wakati unafanya hesabu zote zilizotangulia ziaminike zaidi.

Ilibaki habari ya bibi na ada. Waombaji wengi wakiambiwa wapunguze shida zao hudhani wanatakiwa kuzionea aibu. Mimi sisemi hivyo kamwe. Nasema shida iandikwe kama hali, si kama hoja, na ipate sentensi inayofungamana na kazi. Zaidi ya hapo, soma ufadhili unataka nini. Ufadhili wa pamoja wa Jumuiya ya Madola, kwa mfano, ni kwa watu wasioweza kujilipia masomo Uingereza, kwa hiyo hali ya kifedha ni kigezo na inapaswa kuelezwa waziwazi: nani anawategemea, kipato kikoje, karo ni kiasi gani. Chevening haikuuliza hilo kwenye maswali yake ya insha, hivyo nusu ya aya juu ya umaskini ilikuwa inakula nafasi ya jibu.

Nilipomwuliza alifanya nini mwaka ule aliokosa ada baada ya kidato cha nne, alisema, kama jambo dogo, kwamba alikuwa anauza maji kwenye gati la mtaani kwao. Hakuwa ameliandika popote. Sentensi ikawa: "Mwaka niliokosa ada ya kidato cha tano niliuza maji kwenye gati, na huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza jinsi ndoo isiyoandikwa inavyogeuka kuwa deni la mtu asiye na hatia." Bibi alibaki pia, katika maneno matatu.

Ndipo tukaandika upya sababu za masomo: lita 25 zisizojulikana ziendako, ujuzi wa kupima upotevu na presha anaoukosa, somo mahususi katika shahada aliyoichagua linalofundisha hilo, na anachokusudia kufanya akirudi katika miradi ya wilaya yake. "Nawasihi" iliondoka, na "sitawaangusha" pia, kwa sababu ahadi ilikuwa imeshawekwa katika mpango wenye mahali na kazi.

Rasimu ikikaribia kuwa tayari huwa nafanya majaribio mawili. Napigia mstari kila sentensi ambayo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuitia saini. Hizo zinaandikwa upya au zinafutwa. Kisha namwambia mwandishi aisome kwa sauti akifikiri kwamba fundi aliyefukua bomba amekaa mbele yake. Kama kuna mahali angemwonea haya fundi, hapo amejitwalia kisicho chake. Mhandisi yule alisimama kwenye sentensi moja, "niliwaelekeza namna ya kuziba", akasema fundi alijua kuziba kabla yake. Tukaifuta.

Mwisho nilimtaka ampelekee msimamizi wake, aliyekuwa mdhamini wake, nakala ya insha na lile jedwali la mita kabla barua ya udhamini haijaandikwa. Wadhamini wetu huandika barua za jumla, "ni mchapakazi na mwaminifu", kwa kuwa hakuna aliyewakumbusha tukio. Msimamizi yule alilifungua jedwali, akasahihisha tarehe moja, na akaongeza jambo ambalo mwombaji mwenyewe hakulijua: wilaya ilikuwa imeanza kuutumia mtindo wake wa kusoma mita katika miradi mingine miwili.